Indaksheni kwenye inikwaliti: maswali yanayorudi kila mara (mfano wetu mkuu ni 2^n > n^2)

Maswali haya yanatoka sanasana kwa watu wa adivansi na mwaka wa kwanza chuo. Indaksheni ya kujumlisha, ile ya 1 + 2 + 3 mpaka n, wengi wanaimudu vizuri tu, ila ikija yenye alama ya kubwa kuliko wanakwama palepale kwenye hatua ya k kwenda k + 1. Kwa hiyo mengi hapa nimejibu kwa mfano mmoja, 2^n > n^2, maana ukiufahamu huo mpaka chini mingine utaisukuma mwenyewe. Alama ^ ni kipeo, alama * ni kuzidisha, na n ni namba nzima kuanzia 0.

Kwani 2^n > n^2 si kweli kwa n yoyote?

Hapana, na hapa ndo pa kuanzia kabla hujaandika neno lolote la uthibitisho. Weka namba uone:

```
n    2^n    n^2
0    1      0
1    2      1
2    4      4
3    8      9
4    16     16
5    32     25
6    64     36
7    128    49
```

Kwenye 0 na 1 ni kweli, kwenye 2 ni sare, kwenye 3 imeanguka kabisa (8 ni ndogo kuliko 9), kwenye 4 sare tena, afu kuanzia 5 inaenda moja kwa moja. Sare haihesabiki, alama > haikubali pande mbili zilingane. Ungekuwa umeulizwa 2^n >= n^2, yaani kubwa kuliko au sawa na, hapo ungeanzia 4. Tunachothibitisha sisi ni kwamba 2^n > n^2 kwa kila n kuanzia 5.

Si niendelee tu na jedwali mpaka 1000, kompyuta ipo, inatosha?

Haitoshi, na nakupa mfano wa jamii hiihii uone kwa nini. Chukua madai kwamba n^10 > 2^n kuanzia n = 2. Jaribu 2 unapata 1024 dhidi ya 4. Jaribu 10, upande mmoja ni bilioni kumi na mwingine ni 1024. Jaribu 20, 30, 40, 50, n^10 inaongoza tu, na mtu aliyekagua mpaka 50 ataapa kwamba ni kweli milele. Ukweli ni kwamba inaongoza mpaka 58, na kwenye 59 inapitwa na 2^n na hairudi tena mbele. Jedwali linakueleza kuhusu mistari uliyoiandika tu, ule wa chini yake ambao hujaufikia haukuahidi kitu. Indaksheni kazi yake ni kueleza kwa nini kila mstari unauburuta ule unaofuata.

Basi niandikie huo uthibitisho wote niuone.

Kianzio: n = 5. Hapo 2^5 = 32 na 5^2 = 25, na 32 > 25, kwa hiyo ni kweli.

Dhana: chukua k yoyote iliyo 5 au zaidi, na tuseme kwamba kwa hiyo k ni kweli 2^k > k^2.

Hatua: tunataka kufika kwenye 2^(k+1) > (k+1)^2. Tunaanzia upande wa kushoto na kushuka:

```
2^(k+1) = 2 * 2^k
        > 2k^2              (kwa dhana)
        = k^2 + k^2
        >= k^2 + 5k         (kwa sababu k >= 5)
        = k^2 + 2k + 3k
        > k^2 + 2k + 1      (kwa sababu 3k > 1)
        = (k+1)^2
```

Basi 2^(k+1) > (k+1)^2, na madai ni kweli kwa kila n kuanzia 5.

Soma tena ile mistari taratibu uone kwamba alama zote zinaelekea upande mmoja, ama ni =, ama >, ama >=, hakuna hata moja iliyogeuka. Na kwa kuwa ndani yake ipo angalau > moja, jumla yake inatoka > kamili. Ukitaka kuishika kwa mkono weka k = 5: kushoto kabisa una 64, mstari wa pili una 50, mwisho una 36. Tulianza na 64, tukashuka mpaka 50, tukashuka tena mpaka 36.

Mbona hapo katikati umetoa 5k afu umebakiza 1, hizo namba umezitoa wapi? Kwenye kujumlisha pande zote zilikuwa zinalingana zenyewe.

Hili ndo swali lenyewe hasa, na hapa ndo watu wengi wanapopotelea. Kwenye kujumlisha unafanya aljebra mpaka kushoto kufanane na kulia, jibu liko moja na njia inakuelekeza. Kwenye inikwaliti pande mbili hazitafanana kamwe kwa sababu si sawa, kati yake kuna nafasi, na kazi yako ni kuitumia hiyo nafasi kwa kutupa vitu. Unaruhusiwa kutupa, ila kila unachotupa kiwe kinapunguza, na usitupe mpaka ukavuka chini ya kile unachokitaka.

Ninavyofanya mimi kwenye karatasi ya pembeni ni hivi. Dhana imenipa 2k^2 bila jasho. Lengo ni (k+1)^2 ambayo ni k^2 + 2k + 1. Najiuliza 2k^2 inaizidi k^2 + 2k + 1? Natoa k^2 pande zote, swali linabaki je k^2 > 2k + 1. Hili ni swali dogo, halina tena 2^k ndani yake, na ndo moyo wa uthibitisho wote. Nikishalijibu narudi kwenye karatasi safi na kuandika kutoka juu kwenda chini. Ile 5k ilikuja kwa sababu k ni 5 au zaidi, kwa hiyo k * k haiwezi kuwa chini ya 5 * k. Ungeweza kuandika >= 3k tu, ikawa 2k + k, na k > 1, ingefanya kazi vilevile. Nafasi ipo kubwa, hamna haja ya kuibana.

Kitabu chetu kimethibitisha kwanza 2^k > 2k + 1 afu ndo kikaja kwenye hii, ni kosa?

Sio kosa, ni njia nyingine. Wanaandika 2^(k+1) = 2^k + 2^k, ile ya kwanza wanaishusha kuwa k^2 kwa dhana, ya pili wanaishusha kuwa 2k + 1, jumla inakuwa (k+1)^2. Ila hiyo 2^k > 2k + 1 inabidi iwe na indaksheni yake yenyewe (inaanzia 3, maana 8 > 7), kwa hiyo unafanya kazi mara mbili. Mi napendelea ile ya kwanza. Angalizo moja tu, 2^(k+1) ni 2^k + 2^k, sio 2^k + 2, hii naikuta kwenye madaftari mengi kuliko unavyodhani.

Umesema k^2 > 2k + 1. Mbona hiyo ni kweli hata kwa k = 3? Kwa nini sasa tusianzie 3?

Umeona vizuri sana. k^2 > 2k + 1 ni sawa na kusema (k-1)^2 > 2, na hiyo ni kweli kuanzia k = 3. Kwa hiyo hatua yetu, yaani ule mruko wa kutoka k kwenda k + 1, inafanya kazi kuanzia 3. Lakini madai yenyewe kwenye 3 ni uongo, 8 haiizidi 9, na kwenye 4 ni sare. Hatua inasema "kama kwa k ni kweli basi kwa k + 1 ni kweli", haisemi kwamba kwa k ni kweli. Nzima lakini haina cha kubeba mpaka ifike 5.

Sasa geuza upande wa pili: kwa nini tusianzie 1, na pale 2 > 1 ni kweli kabisa? Kwa sababu hapo kianzio kipo lakini hatua haipo. Ukiweka k = 1 kwenye k^2 > 2k + 1 unapata 1 > 3, uongo, na kweli ukiruka kutoka 1 kwenda 2 unaangukia kwenye sare ya 4 na 4.

Kwa hiyo kuna namba mbili tofauti za kutafuta na usizichanganye. Ya kwanza ni pale hatua inapoanza kufanya kazi, kwetu ni 3. Ya pili ni pale madai yanapokuwa kweli kwa mara ya kwanza kuanzia hapo hatua ilipoanza na kuendelea, kwetu ni 5. Kianzio chako ni hiyo ya pili. Mtu anayeniambia kianzio ni kitu cha maksi moja tu cha kujaza nampa madai haya: n > n + 1 kwa kila n. Hatua yake ni safi kabisa, kama k > k + 1 basi ongeza 1 kila upande unapata k + 1 > k + 2. Imetimia, na madai yenyewe ni uongo kwa kila namba iliyopo, kwa sababu kianzio hakuna popote.

Nimeandika yote hayo lakini nimekatwa maksi, nimekosea wapi?

Mara nyingi karatasi inafanana na hii:

```
2^(k+1) > (k+1)^2
2 * 2^k > k^2 + 2k + 1
2k^2 > k^2 + 2k + 1
k^2 > 2k + 1
kweli
```

Mawazo yote yaliyomo humo ni sahihi, ila mpangilio umegeuka. Umeanza na kile unachotakiwa kuthibitisha ukakichukulia kama tayari ni kweli, afu ukashuka mpaka kwenye kitu cha kweli. Kushuka kutoka kwenye uongo ukafika kwenye kweli kunawezekana kabisa: anza na -5 > 3, ambayo ni uongo, kwenye kila upande weka kipeo cha pili unapata 25 > 9, ambayo ni kweli, na haijaifanya -5 kuwa kubwa kuliko 3. Angalia pia mstari wa tatu, pale 2 * 2^k imegeuka kuwa 2k^2. Kwa kushuka hivyo mstari wa tatu hautoki kwenye wa pili, kwa sababu umepunguza upande mkubwa, na ukipunguza upande mkubwa huna uhakika tena kama bado ni mkubwa. Dawa ni kusoma karatasi yako kutoka chini kwenda juu. Ukianza na k^2 > 2k + 1, ukaongeza k^2 kila upande, afu ukasema 2 * 2^k > 2k^2 kwa dhana, kila mstari unashikwa na ule uliotangulia, na ndo uthibitisho.

Kosa la pili ni kuunganisha alama zinazopishana. Mtu anaandika 2 * 2^k > 2k^2 vizuri, afu anaendelea 2k^2 < 2k^2 + 4k + 2, afu anahitimisha kwamba 2 * 2^k inaizidi hiyo ya mwisho. Kama A > B na B < C, kuhusu A na C hujajua kitu. Ukiona kwenye mnyororo wako alama moja imegeukia upande mwingine, simama hapohapo, mnyororo umekatika.

Nikipewa 2^n > n^3, nitajuaje pa kuanzia?

Tumia zile namba mbili. Kwa hatua, angalia kila upande unakua mara ngapi ukitoka k kwenda k + 1. Kushoto kila mara inazidishwa kwa 2, haibadiliki. Kulia n^3 inazidishwa kwa (1 + 1/k)^3, na hii inapungua kadiri k inavyokua. Hatua inaanza kufanya kazi pale hii ya kulia inaposhuka chini ya 2. Kwa k = 3 ni 64/27, imezidi 2. Kwa k = 4 ni 125/64, chini ya 2 kidogo tu. Kwa hiyo hatua inaanzia 4. Sasa tafuta kianzio kuanzia 4 kwenda mbele: kwenye 9 una 512 dhidi ya 729, bado, kwenye 10 una 1024 dhidi ya 1000, hapo. Anzia 10.

Na kwa kuwa unaanzia 10 una nafasi kubwa ya kutupa kwenye hatua: 2 * 2^k > 2k^3, na k^3 >= 10k^2 = 3k^2 + 7k^2, na 7k^2 >= 70k ambayo inaizidi 3k + 1 kwa mbali sana, jumla umepata zaidi ya k^3 + 3k^2 + 3k + 1 ambayo ni (k+1)^3.

Rudi sasa kwenye ile n^10 tuliyoanza nayo. Hatua yake inaanzia 14, maana ndo (1 + 1/k)^10 inaposhuka chini ya 2, lakini madai ya 2^n > n^10 yanakuwa kweli kwenye 59 (yale ya n = 0 na n = 1 yako nyuma ya hatua, hayatusaidii). Kati ya 14 na 58 hatua ipo na madai ni uongo muda wote huo. Kila mruko n^10 inakua polepole kuliko 2^n, lakini ilishatangulia mno, kwa hiyo kuifikia kunachukua muda mrefu.

Na n! > 2^n?

Hii ni nyepesi. Kianzio ni 4, maana 24 > 16, na kwenye 3 ni 6 dhidi ya 8. Hatua: (k+1)! = (k+1) * k! > (k+1) * 2^k, na k + 1 ni zaidi ya 2, basi imezidi 2 * 2^k. Imekwisha.

Kuna wakati hatua inagoma kabisa hata kama madai ni kweli?

Ndiyo, na mi naona hapa ndo patamu kuliko kote. Chukua hii:

```
1 + 1/4 + 1/9 + ... + 1/n^2 < 2
```

Ni kweli kwa kila n kuanzia 1. Jaribu indaksheni ya kawaida: tuseme jumla mpaka k iko chini ya 2, ongeza 1/(k+1)^2, unapata chini ya 2 + 1/(k+1)^2. Haikusaidii, umevuka 2. Na hata ukihangaika na aljebra usiku kucha haitakubali, kwa sababu dhana yako imesema "iko chini ya 2" tu, haijasema iko chini kwa kiasi gani. Huenda ni 1.9 huenda ni 1.99999, hujui kama ile nyongeza itaenea.

Dawa yake ukiisikia mara ya kwanza inashangaza: thibitisha kitu kigumu zaidi. Badala ya chini ya 2, sema jumla haizidi 2 - 1/n. Kwa n = 1, jumla ni 1 na 2 - 1 ni 1, sawa. Tuseme ni kweli kwa k, sasa ongeza:

```
jumla mpaka k+1 <= 2 - 1/k + 1/(k+1)^2
                <  2 - 1/k + 1/(k(k+1))
                =  2 - 1/(k+1)
```

Mstari wa pili ni kwa sababu k(k+1) ni ndogo kuliko (k+1)^2, kwa hiyo sehemu yake ni kubwa zaidi. Mstari wa tatu ni kwa sababu 1/(k(k+1)) ni 1/k - 1/(k+1), ile 1/k inafutika. Imekubali, na kwa kuwa 2 - 1/n iko chini ya 2 siku zote, madai ya mwanzo nayo yamepatikana.

Kwa nini kigumu kimekuwa chepesi? Kwa sababu kwenye indaksheni kile unachothibitisha ndo hichohicho unachopewa kwenye dhana. Ukijitwika zaidi unapewa zaidi. Ile 1/n ni nafasi iliyopimwa, inakuambia jumla ina chumba cha kiasi gani kabla ya kugusa 2, na nyongeza inayokuja inaenea humo. Unajuaje kwamba umeingia kwenye shida ya aina hii? Angalia upande wa kulia: ukiwa ni namba isiyobadilika, kama 2 hii, na kushoto kunaongezeka kila hatua, dhana ya kawaida karibu siku zote itagoma. (Jumla yenyewe ukiendelea bila mwisho inafika pai kwa kipeo cha pili gawanya kwa 6, kama 1.645, Euler ndiye aliyeionyesha kwenye miaka ya 1730, lakini kwa swali letu hatuihitaji.)

Tumeshathibitisha kuanzia 5. Je, 2^x > x^2 ni kweli pia kwa x = 5.5?

Ni kweli ila indaksheni yetu haijaisema. Imeruka kutoka 5 kwenda 6 na haikukanyaga katikati. Kwa namba zenye desimali unahitaji kalkulasi: chukua logi asilia pande zote, swali linakuwa je x * ln 2 - 2 * ln x iko juu ya sifuri. Itafutie mteremko wake unapata ln 2 - 2/x, ambayo ni chanya x ikizidi 2/ln 2, kama 2.885. Kwenye x = 4 ile tofauti ni sifuri kamili, ile sare yetu ya 16 na 16, na kuanzia hapo inapanda tu. Kwa hiyo ukiruhusu desimali madai ni kweli kwa kila x iliyozidi 4, hata 4.01.